Dripu ya matone 2500 kwa dakika haipo: tuhesabu upya

*Shikamoo mwalimu. Mtihani wa famakolojia umekaribia na hesabu za dripu zinanitesa. Swali lilikuwa lita moja ya Ringa lakteti iende kwa masaa 8, seti ni ya matone 20. Mi napata 2500, majibu yanasema 42. Nakosea wapi? Na yale maswali yenye kilo na maikrogramu ndo sielewi kabisa.*

Marahaba mdogo wangu. Fomula unayo, tena umeishika vizuri, kilichokuangusha ni kitu kimoja tu, umegawa kwa 8 badala ya kugawa kwa 480. Yani umechukua 1000 ukazidisha na 20 ukapata 20,000, mpaka hapo uko sawa kabisa, halafu ukagawa kwa masaa wakati swali linataka matone kwa DAKIKA. Masaa 8 mara dakika 60 ni dakika 480, na 20,000 gawa kwa 480 ni 41.67, ambayo tunaiandika 42. Basi.

```
matone kwa dakika = (mL zote × matone kwa mL) ÷ dakika zote
                  = (1000 × 20) ÷ 480
                  = 41.67 → 42
```

Lakini nisiishie hapo maana ukikariri tu "zidisha masaa na 60" kuna swali lingine litakuja limepindishwa kidogo na utaanguka tena. Hebu tuiangalie hiyo 2500 yako yenyewe inasema nini. Seti inatoa matone 20 kwa kila mililita, kwahiyo matone 2500 kwa dakika ni mililita 125 kila dakika. Lita nzima ingeisha ndani ya dakika 8. Umeona hiyo 8 imerudi? Ulipogawa kwa 8 bila kuigeuza, hesabu yenyewe ilikuelewa kwamba unataka lita moja iingie kwa mgonjwa kwa dakika 8, na ikakujibu sawasawa na ulichouliza. Kalkuleta haijui kama 8 yako ni masaa au dakika.

Na hata bila kupiga hesabu yoyote, ukisimama pale kwenye chemba ya dripu ukatazama tone linavyodondoka, 42 kwa dakika ni tone moja kila sekunde moja na nusu hivi, unaweza kuyahesabu kwa macho. Matone 2500 kwa dakika ni zaidi ya 40 kwa sekunde, hapo hakuna tone tena, ni mfereji. Kwahiyo jibu lolote la mtu mzima kwenye dripu ya kawaida likizidi mia na ushee kwa seti ya 20, simamisha kalamu uangalie upya. Siyo kwamba haliwezekani, kuna maswali ya mgonjwa aliyepungukiwa maji sana au aliyepoteza damu na anatakiwa apewe haraka, lakini swali lenyewe litakuambia hivyo na muda wake utakuwa mfupi.

Mimi nikifundisha napenda hesabu ivunjwe vipande vitatu kuliko kutupia fomula nzima kwa mpigo, kwa sababu kila kipande unaweza kukikagua kama kina akili. Kwanza unatafuta mililita kwa saa, 1000 gawa kwa 8 ni 125. Hapo jiulize, 125 kwa saa mara masaa 8 inarudi 1000? Inarudi. Pili unatafuta mililita kwa dakika, 125 gawa kwa 60 ni 2.083. Tatu unageuza mililita kuwa matone, 2.083 mara 20 ni 41.67. Jibu ni lile lile lakini sasa unajua kila namba ni ya nini, na msahihishaji akiona vipande vyako na vipimo vyake anaweza kukupa maksi za njia hata kama ukiteleza mwishoni. Ukiandika 42 peke yake bila kusema ni matone kwa dakika unajitafutia shida bure. Kwenye karatasi utakuta imeandikwa gtts/min, hiyo ndo matone kwa dakika, na gtt/mL ni matone kwa mililita, zisikutishe.

Sasa kuhusu kukadiria desimali. Tone halikatwi nusu kwahiyo jibu la mwisho lazima liwe namba nzima, 0.5 na kuendelea unapandisha, chini ya hapo unashusha. Ila unakadiria MWISHONI tu. Wengi wakifika kwenye ile 2.083 wanaandika 2 ili iwe rahisi, halafu 2 mara 20 wanapata 40, wanashangaa kwanini majibu yanasema 42. Na siyo mtihani tu, kwa matone 40 kwa dakika unapeleka mililita 120 kwa saa, ile lita itachukua masaa 8 na dakika 20 badala ya 8. Kwa maji ya kawaida haina madhara makubwa, ila kwa dawa kali kosa la namna hiyo hiyo linaweza kuwa shida kweli. Ukiacha desimali zako zote kwenye kalkuleta mpaka mwisho ukakadiria 41.67 kuwa 42, mfuko unaisha kama dakika 4 kabla ya muda, hiyo hakuna mtu ataigombea.

Halafu ile 20 inatoka wapi, maana wengine wanadhani ni namba ya kudumu kama dakika 60 za saa. Siyo. Inatoka kwenye seti yenyewe, imeandikwa kwenye pakiti, na inategemea ukubwa wa kile kimdomo kinachodondosha tone ndani ya chemba. Seti za kawaida za makrodripu utakutana na 10, 15 au 20 matone kwa mililita. Maikrodripu ni 60, hii ina kisindano chembamba ndani ya chemba na tone lake ni dogo sana. Ukibadilisha seti bila kubadilisha hesabu umebadilisha dozi. Chukua swali lako hilo hilo, kwa seti ya 15 jibu linakuwa 31, kwa maikrodripu linakuwa 125. Mgonjwa yule yule, maji yale yale, muda ule ule. Sasa mtu aliyezoea 42 akaweka maikrodripu halafu akahesabu 42 pale, mgonjwa anapata mililita 42 tu kwa saa, theluthi moja ya alichoandikiwa, na hakuna kitu kitapiga kelele kumwambia.

Umeona kwamba kwa maikrodripu mililita 125 kwa saa imekuwa matone 125 kwa dakika? Hiyo haijatokea kwa bahati. Unazidisha na 60 za matone halafu unagawa kwa dakika 60 za saa, zinafutana. Kwa hiyo kwa seti ya 60, mililita kwa saa na matone kwa dakika ni namba moja. Kwa mantiki hiyo hiyo seti ya 20 unagawa mililita kwa saa kwa 3, kwa sababu 60 gawa kwa 20 ni 3, seti ya 15 unagawa kwa 4, na ya 10 unagawa kwa 6. Jaribu, 125 gawa kwa 3 ni 41.67. Njia ya mkato nzuri sana ya kuhakiki jibu, mimi naitumia kila siku. Ila ina sharti lake, namba unayogawa LAZIMA iwe mililita kwa saa. Hapa ndo watu wanaumia. Swali linasema dawa iliyochanganywa kwenye mililita 100 iende kwa dakika 30, seti ya 20, mtu anakimbilia mkato, 100 gawa kwa 3, anaandika 33. Kumbe 100 ni ya nusu saa, kwa saa nzima ni 200, na 200 gawa kwa 3 ni 67. Ukitumia fomula ndefu, 100 mara 20 gawa kwa 30, ni 67 pia. Na hapo angalia tena, muda umeshapewa kwa dakika, usiuzidishe na 60 eti kwa sababu ndivyo tulivyofanya kwenye swali la kwanza.

Mtego mwingine mdogo, swali likisema mgonjwa yuko kwenye pampu ya dripu, jibu linalotakiwa ni mililita kwa saa, pampu haihesabiwi matone na mtu na hivyo ile namba ya seti haikuhusu. Watunga mitihani wanapenda kukuwekea "seti ya 20" hapo ndani kama chambo tu uione uzidishe. Soma mstari wa mwisho wa swali kwanza, ndo uanze.

Sasa tuje kwenye kilo na maikrogramu. Watu wengi wanaliogopa swali hili kwa sababu wanaliangalia lote kwa pamoja, lakini ndani yake kuna swali moja tu jipya, nalo ni hili: dozi ya dakika moja imo ndani ya mililita ngapi? Ukishajibu hilo umerudi kwenye dripu ya kawaida unayoijua.

Tufanye moja kamili. Mgonjwa ana kilo 60, kaandikiwa dopamini 5 mcg/kg/min. Dawa imechanganywa, miligramu 200 ndani ya mililita 500. Seti ni maikrodripu. Matone mangapi kwa dakika?

Anza na mgonjwa, achana na mfuko kwanza. Maikrogramu 5 kwa kila kilo kwa kila dakika, ana kilo 60, kwahiyo kila dakika anahitaji 5 mara 60, maikrogramu 300. Andika pembeni, 300 mcg kwa dakika, zungushia duara.

Sasa nenda kwenye mfuko. Una miligramu 200 lakini dozi yako iko kwa maikrogramu, na vipimo viwili tofauti haviwezi kugawana. Miligramu moja ni maikrogramu 1000, kwahiyo 200 ni maikrogramu 200,000. Gawa kwa mililita 500, unapata maikrogramu 400 ndani ya kila mililita.

Anahitaji 300 kila dakika na kila mililita ina 400, hivyo anahitaji chini ya mililita moja. Ni kiasi gani? 300 gawa kwa 400 ni 0.75. Mililita 0.75 kwa dakika. Na hapa wengi wanageuza, wanagawa 400 kwa 300 wanapata 1.33. Ndo maana nikasema kabla ya kugawa jisemee kwanza kwa maneno, jibu lazima liwe chini ya moja, ukiona 1.33 unajua papo hapo umegeuza juu chini.

Mwisho, 0.75 mara 60 ni 45. Matone 45 kwa dakika.

```
5 × 60          = 300 mcg kwa dakika
200,000 ÷ 500   = 400 mcg kwa mL
300 ÷ 400       = 0.75 mL kwa dakika
0.75 × 60       = 45 matone kwa dakika
```

Ile 60 ya mstari wa mwisho ni matone 60 ya maikrodripu, na ile 60 ya mstari wa kwanza ni kilo za mgonjwa. Dakika za saa hazijaingia popote humu. Nasisitiza hilo kwa sababu kwenye swali lako la kwanza kosa lilikuwa kusahau 60 ya dakika, na mwanafunzi aliyeungua pale akija hapa anaiweka kwa lazima, anagawa tena kwa 60, anapata 0.75 anaandika tone 1 kwa dakika. Dozi ilikuja tayari ikiwa ya dakika, ndo maana ya hiyo min mwishoni. Ingeandikwa mcg/kg/hr hapo sawa, ungegawa kwa 60 mara moja.

Na ukisahau kugeuza miligramu? Utagawa 200 kwa 500 upate 0.4, kisha 300 gawa kwa 0.4 upate 750, yani mililita 750 kwa dakika. Mfuko mzima wa 500 ungeisha kwa sekunde 40. Kosa la aina hii ni rahisi kulikamata kama una tabia ya kujiuliza huu mfuko utaisha lini. Kwa jibu letu sahihi, 0.75 kwa dakika ni mililita 45 kwa saa, mililita 500 zinakwenda masaa 11 na dakika chache. Hiyo inaeleweka.

Kwanini swali liliweka maikrodripu hapo? Weka seti ya 20 uone, 0.75 mara 20 ni matone 15 kwa dakika. Ukikosea tone moja tu kwenye 15 umepotoka karibu asilimia 7 ya dozi, ukikosea tone moja kwenye 45 ni kama asilimia 2. Tone dogo linakupa nafasi ya kurekebisha kidogo kidogo. Kwa dawa za namna hii pampu ndo sahihi kabisa, matone ni pale pampu haipo, na hata hapo mgonjwa anakaliwa karibu, presha na mapigo ya moyo vinapimwa mara kwa mara.

Kuna kipande kingine huwa wanakibandika mwishoni mwa swali kama lako. Wanakuambia baada ya masaa 3 nesi kakuta bado mililita 700 kwenye mfuko, ahesabu upya. Kwa mpango wetu ilitakiwa ziwe zimeingia 375, zibaki 625, kwahiyo dripu imechelewa. Unasahau ya zamani yote, unachukua kilichobaki na muda uliobaki, mililita 700 kwa masaa 5, yani dakika 300. 700 mara 20 gawa kwa 300 ni 46.67, matone 47. Kutoka 42 kwenda 47 ni ongezeko la kama asilimia 12, siyo kubwa, lakini kwenye jibu lako usiishie kwenye namba, andika kwamba unamwangalia mgonjwa kwanza na unafuata utaratibu wa wodi au unamwuliza aliyeandika dawa kabla ya kuongeza kasi, hasa kama ni mzee, mtoto, au mwenye shida ya moyo au figo. Kufukuzia maji yaliyochelewa kwa kufungulia dripu ndo njia ya kumjaza mtu maji kwenye mapafu. Na kwanini ilichelewa? Mara nyingi mkono umekunjwa, mrija umebanwa na mwili, mfuko umeshuka chini, au kile kigurudumu cha kubania kimeteleza kikabana zaidi. Matone unayoyaweka saa hii hayabaki hayo hayo, unarudi kuhesabu.

Kwenye kuhesabu penyewe, kwa 42 wengine wanatazama sekunde 15 halafu wanazidisha na 4, lakini 42 gawa kwa 4 ni 10 na nusu, nusu tone hulioni. Hesabu sekunde 30 upate 21, au dakika nzima. Kwa jibu la maikrodripu kama 125 ndo utumie sekunde 15, lenga 31, maana kuyafuata kwa dakika nzima yatakupotea tu machoni.

Fanya hili peke yako bila kuangalia juu: dopamini 8 mcg/kg/min, mgonjwa kilo 48, mchanganyiko ule ule wa miligramu 200 kwenye mililita 500, maikrodripu. Ukipata 58 uko vizuri. Ukipata 1 umegawa kwa dakika 60 ambazo hazitakiwi. Ukipata 19 umetumia seti ya 20 kwa mazoea. Ukipata 63 umegeuza juu chini ulipogawa dozi na mchanganyiko, na ukipata 57 njia yako ni sahihi ila 57.6 umeishusha badala ya kuipandisha.